Hisa nusu kwa nusu na hamwelewani: njia nne za kutoka kwenye mkwamo, zikilinganishwa

Kampuni ya wanahisa wawili wenye hisa sawa inaweza kuwa na magari mazima, wateja waliokwisha lipa na fedha benki, na bado isiweze kufanya lolote. Azimio la kawaida la wanahisa linataka kura zaidi ya nusu, azimio maalumu linataka robo tatu. Mwenye asilimia 50 hawezi kupitisha hata moja peke yake. Anachoweza ni kuzuia. Wakizuiana wote wawili, kampuni inasimama, na hakuna hata mmoja aliyevunja sheria.

Makala haya ni ya wabia waliokwisha fika hapo na hawajui washike njia ipi. Nitatumia mfano mmoja wa Arusha tangu mwanzo hadi mwisho. Majina na hesabu za mfano huu nimezitunga, lakini mambo yanayotokea ndani yake ni yale yanayotokea kweli kwenye kampuni za namna hii.

## Elibariki na Neema

Tuseme kampuni ni ya utalii na ofisi iko Njiro. Elibariki alikuwa dereva na muongoza watalii kabla ya kuanzisha biashara, kwa hiyo magari, madereva, kambi na mambo ya hifadhini viko mikononi mwake. Neema ndiye anayezungumza na mawakala wa Ulaya na Marekani, anapanga safari na kupokea malipo. Walisajili kampuni BRELA, wakagawana hisa nusu kwa nusu, wote wakawa wakurugenzi, na benki wakaiagiza isitoe malipo yoyote bila sahihi mbili.

Miaka kadhaa ikaenda vizuri. Kisha Elibariki akataka kampuni ikope ijenge kambi yake ya mahema karibu na Serengeti. Neema akataka mkopo wa magari umalizwe kwanza na faida igawanywe.

“Dada Neema, tutawalipa wenye kambi mpaka lini? Fedha inayobaki kwao kwa mgeni mmoja ni kubwa kuliko inayobaki kwetu.”

“Kaka Eli, mwaka 2020 ndege ziliposimama tuliegesha magari tukasubiri. Kambi ingekuwepo, rejesho la benki tungelitoa wapi?”

Wote wawili wana hoja, na ndiyo maana jambo hili ni gumu. Hakuna mwizi hapa. Neema akakataa kusaini malipo ya mtaalamu wa mradi wa kambi, Elibariki akajibu kwa kukataa kusaini gawio. Baada ya wiki chache hata malipo ya kawaida yakawa silaha: namba ya malipo ya ada za hifadhi imeshatoka, fedha ipo kwenye akaunti, sahihi ya pili haipo, na gari lenye wageni sita limesimama kwenye lango la Tarangire.

Hapo ndipo ugomvi unapogeuka mkwamo. Wabia kugombana kuhusu kambi ni jambo la kawaida katika biashara. Dalili ya mkwamo ni pale kazi za kila siku zinapoanza kukwama kwa sababu ya ugomvi wa jambo jingine, wabia wanapotumiana salamu kupitia mhasibu, na mmoja anapokwepa vikao ili akidi isitimie.

## Kabla ya kuchagua njia, zuieni damu isiendelee kutoka

Njia zote nne nitakazoeleza zinachukua muda, na katika muda huo kampuni lazima ipumue. Andikeni makubaliano mafupi ya ukurasa mmoja: mishahara, makato ya NSSF, kodi za TRA, ada za hifadhi, mafuta na malipo ya kambi kwa safari zilizokwisha lipiwa vitasainiwa bila masharti. Malipo mapya makubwa, mikopo na gawio vitasubiri. Pelekeni nakala kwa mhasibu. Kama benki inakubali, mpeni kila mmoja uwezo wa kusaini peke yake malipo madogo yenye kikomo cha siku.

Mara nyingi hata waliochukiana hukubaliana ukurasa huu, kwa sababu gari likisimama getini wote wawili wanapoteza.

Jambo la pili ni kusoma katiba ya kampuni. Wengi waliisaini ikiwa imenakiliwa kutoka kwenye kampuni nyingine, hawajaifungua tena. Tafuteni vitu vitatu: mwenyekiti ana kura ya uamuzi kura zikilingana? Akidi ya kikao ni watu wangapi? Mtu akitaka kuuza hisa, mwenzake ana haki ya kwanza ya kununua? Katiba nyingi zinampa mwenyekiti kura ya uamuzi, na mwenye kiti huona ameshinda. Hajashinda. Akidi ikiwa watu wawili, mwenzake atakaa nyumbani na kikao hakitakuwepo.

## Mambo ya kupimia

Nitazipima njia hizi kwa maswali manne, na kila njia nitaijibia yote. Inakwendaje? Inachukua muda na fedha kiasi gani? Inavunjika wapi? Inamfaa nani? Nyuma ya maswali hayo kuna swali moja ambalo kila mbia ajiulize peke yake kabla ya kusoma zaidi: baada ya mwaka mmoja, unataka kuwa bado na mtu huyu, unataka kuwa na kampuni bila yeye, au unataka fedha yako uende? Wengi wanabishana kuhusu njia huku hawajajibu hilo.

## Njia ya kwanza: msuluhishi, kisha mtu wa tatu wa kuvunja usawa

Inavyokwenda. Mnamwita mtu ambaye hana hisa, hamdai yeyote kati yenu na hana ndugu upande wowote. Anaweza kuwa msuluhishi aliyesajiliwa, wakili mkongwe, au mtu wa sekta yenu aliyestaafu. Anamsikiliza kila mmoja faragha, kisha anawakutanisha. Hana mamlaka ya kuamua. Mkikubaliana, mnaandika na kusaini, na maandishi hayo yanakuwa mkataba.

Usuluhishi peke yake unatatua ugomvi wa leo. Usawa wa kura unabaki palepale ukisubiri ugomvi wa kesho. Kwa hiyo makubaliano yanayodumu huongeza chombo cha kuvunja usawa: mkurugenzi wa tatu asiye na hisa, au mgawanyo wa maeneo ambapo kila mbia ana neno la mwisho. Kwa mfano wetu, Elibariki awe na neno la mwisho kuhusu magari na madereva, Neema kuhusu bei na mawakala, na mkopo wowote unaozidi kiasi fulani upelekwe kwa mkurugenzi wa tatu.

Muda na fedha. Ni wiki chache, na gharama ni ada ya msuluhishi na wakili wa kuandika. Hakuna njia nyingine iliyo nafuu zaidi. Siri inabaki ndani.

Inapovunjika. Kwetu Kilimanjaro na Arusha ni rahisi kumkimbilia mchungaji, mzee wa ukoo au baba mkwe. Watu hawa wana uzito wa kuwarudisha wabia mezani, na kwa hilo waheshimiwe. Lakini wanapatanisha mioyo, hawapangi nani anasaini nini benki. Wabia wanapeana mikono, wanakula pamoja, na Jumatatu swali la kambi liko vilevile. Mkianza na mzee, malizieni kwa maandishi.

Udhaifu wa mkurugenzi wa tatu ni mwingine. Kura yake iko kwenye bodi, wala si kwenye mkutano wa wanahisa. Anaweza kuamua kuhusu mkopo ikiwa katiba inauacha kwa bodi, lakini hawezi kubadilisha katiba. Na akipiga kura upande mmoja mara tatu mfululizo, yule mwingine ataanza kumwita mtu wa mwenzake.

Inamfaa nani. Wabia wanaogombana kuhusu jambo linaloweza kutajwa kwa sentensi moja, na bado wanaaminiana kuhusu fedha. Kama mmoja anaamini mwenzake anaiba, njia hii haifai mpaka hesabu zikaguliwe.

## Njia ya pili: mmoja anunue hisa za mwenzake

Hii ndiyo njia nitakayoikalia zaidi, kwa sababu kampuni inabaki nzima, wafanyakazi wanabaki kazini na wageni wa Agosti wanapata safari yao. Pia ndiyo yenye mitego mingi.

Inavyokwenda. Maswali ni mawili: nani ananunua, na kwa bei gani. Kuna namna tatu za kuyajibu.

Namna ya kwanza ni mthamini huru kutaja thamani, kisha mnakubaliana nani anabaki. Ya pili, mmoja anataja bei ya nusu ya kampuni, na mwenzake anachagua: anunue kwa bei hiyo au auze kwa bei hiyo. Uzuri wake ni kwamba anayetaja bei hajui atakuwa muuzaji au mnunuzi, kwa hiyo anajitahidi iwe ya haki. Ya tatu, kila mmoja anaandika bei yake kwenye bahasha iliyofungwa, wakili anazifungua, na mwenye bei kubwa ananunua.

Kama mkataba wenu wa wanahisa hauna utaratibu huu, hakuna anayeweza kumlazimisha mwenzake. Lakini mnaweza kuusaini leo. Watu wasiokubaliana hata kidogo kuhusu kambi hukubaliana kuhusu bahasha mbili, kwa sababu kila mmoja anaona nafasi yake.

Sasa bei. Kampuni ya mfano ina magari manne, tuseme milioni 90 kila moja, jumla milioni 360. Benki kuna milioni 180, vifaa milioni 20. Jumla ya mali ni milioni 560. Hapa ndipo wabia wengi hukata kwa mbili na kuona 280, na ndipo ugomvi mpya huzaliwa. Katika ile 180 ya benki, milioni 140 ni amana za wageni ambao hawajasafiri. Fedha hiyo si ya kampuni mpaka safari ifanyike. Mgeni akighairi kwa masharti yanayomruhusu, inarudi. Toeni 140, toeni na mkopo wa magari uliobaki milioni 60. Inabaki milioni 360, na nusu yake ni 180.

Njia nyingine ya kuthamini ni kuangalia faida. Hesabu zinaonyesha faida ya milioni 170 kwa mwaka, lakini wabia hawa hawajilipi mshahara, wanachukua gawio. Mkiajiri msimamizi wa safari na meneja wa mauzo wa kufanya kazi zao, itakuwa kama milioni 60 kwa mwaka. Faida ya kweli ni 110. Mkikubaliana kuizidisha mara nne, mnapata 440, na nusu ni 220. Kuzidisha mara ngapi ni suala la mjadala. Biashara inayotegemea mawakala wawili tu inastahili kizidishio kidogo kuliko yenye mawakala ishirini.

Kwa hiyo nusu ya kampuni iko kati ya milioni 180 na 220. Kuna jambo karatasi haisemi: thamani inategemea nani anaondoka. Neema akiuza na kesho yake akafungua ofisi mtaa wa pili na mawakala walewale, Elibariki amenunua magari tu, na bei yake ni 180 au chini. Akikubali kutowafuata mawakala hao kwa muda na eneo lililotajwa, basi 220 inaweza kuwa haki. Kifungu hicho kiwe na mipaka inayoeleweka, kwani kinachomzuia mtu kufanya kazi yake milele hakina nguvu mahakamani.

Muda na fedha. Mkikubaliana bei, miezi miwili mitatu inatosha: uthamini, mkataba, TRA, BRELA. Anayeuza akumbuke kodi ya faida ya mtaji. Kwa mkaazi ni asilimia 10 ya faida, yaani bei ya kuuzia ukitoa gharama ya kupata hisa. Hisa zilizoanza kwa milioni 5 zikiuzwa kwa milioni 200, faida ni 195 na kodi ni milioni 19.5. Kuna na ushuru wa stempu juu ya hati ya uhamisho. BRELA watataka kuona mambo ya TRA yamekamilika kabla ya kubadilisha orodha ya wanahisa, kwa hiyo mkataba useme wazi nani analipa nini. Baada ya hapo kuna kubadilisha wakurugenzi, taarifa za wamiliki manufaa, yaani watu wanaoimiliki kampuni kwa kweli, na sahihi za benki.

Inapovunjika. Kwanza, fedha zisipolingana. Tuseme Elibariki ana kaka mwenye uwezo, na Neema ana watoto wawili chuoni. Elibariki anataja milioni 120, akijua nusu ina thamani ya 200, kwa sababu anajua Neema hawezi kupata 120 ndani ya siku 30. Neema analazimika kuuza. Utaratibu ulioonekana wa haki umegeuka kitanzi. Dawa yake ni muda mrefu wa kujibu, angalau siku 90; ruhusa ya kuleta mwekezaji au kulipa kwa awamu; na sakafu ya bei inayotokana na mthamini, ambayo hakuna anayeruhusiwa kutaja chini yake.

Pili, taarifa zisipolingana. Neema anajua safari za mwaka ujao zilizokwisha kubaliwa lakini bado hazijaingizwa kwenye vitabu. Elibariki anajua gari lipi linahitaji injini. Kabla ya bei yoyote, wote wawili wafungue kila kitu kwa mhasibu mmoja.

Tatu, na hili huumiza watu miaka baadaye: dhamana binafsi. Wakati wa kukopa magari, benki iliwasainisha wote wawili dhamana. Kuuza hisa hakuifuti. Neema anaweza kuwa ameondoka, kampuni ikashindwa kulipa, na benki ikamfuata yeye. Barua ya benki ya kumwachia dhamana iwe sharti la kukamilisha mauzo. Ahadi ya mdomo ya mwenzake haitoshi.

Nne, malipo ya awamu yasiyolindwa. Milioni 80 leo na 120 baadaye ni mpango mzuri, hasa awamu zikipangwa baada ya msimu, Oktoba na Februari, fedha inapokuwepo. Lakini hati za uhamisho wa hisa ambazo hazijalipiwa zikae kwa wakili mpaka zilipiwe, au magari yawekwe rehani.

Inamfaa nani. Biashara ambayo mmoja anaweza kuiendesha bila mwingine, na ambapo angalau mmoja ana njia ya kupata fedha. Ikiwa wote wanataka kubaki na uwezo wao unakaribiana, bahasha mbili. Ikiwa mmoja ana fedha kuliko mwenzake kwa mbali, mthamini, na msiguse ile namna ya kutaja bei na kuchagua.

## Njia ya tatu: kugawana biashara iwe mbili

Inavyokwenda. Kila mmoja anaanzisha kampuni yake, au mmoja anabaki na ya zamani na mwingine anaondoka na sehemu ya mali badala ya fedha. Magari mawili huku, mawili kule. Mawakala wanaambiwa kwa barua moja iliyosainiwa na wote wawili.

Muda na fedha. Kusajili kampuni mpya BRELA ni kazi ndogo. Leseni ya biashara ya utalii, TALA, ndiyo inayopanga ratiba, kwa sababu ile ya sasa iko kwa jina la kampuni ya sasa na kampuni mpya lazima iombe yake. Asiye na leseni asichukue wageni. Na kodi ipo: gari likitoka kwenye kampuni kwenda kwa mwanahisa, TRA huliangalia kwa bei ya soko kana kwamba limeuzwa, na linaweza kuhesabiwa kuwa gawio lenye kodi ya zuio. Fanyeni hesabu hiyo na mshauri wa kodi kabla ya kugawana funguo.

Inapovunjika. Magari yenye mkopo hayaendi popote bila ridhaa ya benki. Jina la kampuni, tovuti na maoni ya wageni mtandaoni havikatwi katikati. Mmoja anavibeba na mwingine anafidiwa. Kikubwa zaidi ni safari zilizokwisha lipiwa. Orodhesheni kila safari, amana yake, na nani ataifanya, kisha amana ihamie pamoja na safari. Pasipo orodha hiyo, mmoja anabeba fedha na mwingine anabeba wageni.

Wakati unaofaa ni masika. Aprili na Mei wageni ni wachache, kambi nyingi zimefungwa, na orodha ya safari ni fupi.

Inamfaa nani. Biashara yenye pande mbili zinazoweza kusimama kila moja. Elibariki na Neema wako katikati: Elibariki ana uwanja, Neema ana masoko, na kila mmoja bila mwenzake atalazimika kuajiri au kujifunza upande ambao hakuwa nao. Wangekuwa mmoja anauza safari za hifadhini na mwingine kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro kutoka ofisi ya Moshi, ningewaelekeza huku kabla ya kwingine.

## Njia ya nne: mahakama

Inavyokwenda. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 ina milango miwili hapa. Wa kwanza, kifungu cha 233, ni wa mwanahisa anayelalamika kwamba kampuni inaendeshwa kwa namna inayomwonea. Mahakama Kuu inaweza kutoa amri nyingi, ikiwemo upande mmoja kununua hisa za mwingine. Wa pili ni kuomba kampuni ifungwe kwa sababu ni haki na sawa kufanya hivyo. Kwa walioko Arusha, Mahakama Kuu ipo hapahapa, pamoja na masjala ya Divisheni ya Biashara.

Ni muhimu kujua tofauti ya milango hii. Kutokubaliana peke yake si uonevu. Neema kukataa kambi ni kutumia kura yake. Elibariki akienda na kifungu cha 233 bila ushahidi zaidi ya huo, atapoteza muda. Angekuwa na ushahidi kwamba Neema anapeleka malipo ya mawakala kwenye akaunti yake binafsi, hapo ana kesi.

Kwa mkwamo mtupu, mlango ni wa pili, na kuna kesi ya Uingereza ambayo mawakili wa nchi zinazofuata mfumo huo bado wanaitaja: ya kampuni ya tumbaku ya Yenidje, mwaka 1916. Wenye kampuni walikuwa wawili, wenye nguvu sawa ya kura, na walifika mahali hawazungumzi. Ujumbe ulipita kwa katibu wa kampuni. Kampuni ilikuwa inapata faida nzuri. Mahakama iliamuru ifungwe hata hivyo, ikiiona kuwa ubia uliovaa koti la kampuni, na imani ya ubia imekufa. Faida haikuwaokoa.

Muda na fedha. Shauri linalopingwa linaweza kwenda zaidi ya mwaka, na rufaa ikaongeza. Ada za mawakili ni za pande zote mbili, na katika kampuni ndogo zote hatimaye zinatoka kwenye mfuko uleule.

Inapovunjika. Ombi la kufunga kampuni hutangazwa hadharani. Wakala wa Ujerumani akisikia, hatapeleka amana nyingine. Mali zinazohamishwa baada ya ombi kufunguliwa zinaweza kubatilishwa, kwa hiyo benki hushtuka na akaunti hukaza. Mfilisi akiuza magari, anauza magari. Mawakala, jina na madereva waliozoea njia havina bei kwake. Katika mfano wetu, tofauti kati ya 440 na 360 inayeyuka siku ya kwanza, kisha magari yenyewe yanauzwa kwa haraka na gharama za mfilisi zinatangulia. Mahakama pia inaweza kukataa kufunga ikiona mwombaji alikuwa na njia nyingine ya haki akaikataa bila sababu, mfano ofa ya kununuliwa kwa bei ya mthamini huru.

Inamfaa nani. Anayefungiwa vitabu, anayeibiwa, au ambaye mwenzake hajibu barua wala haji vikaoni. Kwa mtu huyo mahakama ndiyo kinga yake, na asiogope kuitumia. Pia inamfaa anayehitaji amri ya haraka ya kulinda mali wakati njia nyingine zinaendelea.

## Kwa hali yako

Kama bado mnasalimiana na ugomvi ni kambi tu, anzeni na msuluhishi, na wekeni kikomo cha wiki sita. Kikomo kikipita bila sahihi, hamieni njia ya pili bila kurudia mazungumzo yaleyale.

Kama hamtaki tena kufanya kazi pamoja lakini mnaheshimiana, na uwezo wenu unakaribiana, mhasibu mmoja afungue vitabu, mthamini aweke sakafu, kisha bahasha mbili. Kwa Elibariki na Neema ningependekeza hivi, wasubiri msimu wa Oktoba uishe, wafungue bahasha Novemba na kukamilisha kabla ya masika.

Kama wewe ndiye mwenye fedha kidogo kati ya wawili, usisaini utaratibu wowote wa kutaja bei na kuchagua bila siku 90 na sakafu. Dai mthamini, na kama ni wewe unayeondoka, barua ya benki kuhusu dhamana itangulie sahihi yako.

Kama biashara ina miguu miwili inayotembea kila mmoja peke yake, gawaneni masika, orodha ya safari ikiwa mkononi.

Kama mwenzako amekufungia vitabu au ametoweka na sahihi yake, mtumie ofa ya maandishi ya kununua au kuuza kwa bei ya mthamini huru, mpe siku za kujibu, tunza uthibitisho wa kupokelewa, kisha nenda kwa wakili. Ofa hiyo itaingia kwenye jalada la kesi, na jaji atataka kujua nani aliikataa.